Mpangaji kahama kaacha vitu chumbani, nimpe siku ngapi kabla sijavitoa?

Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mama wa miaka 61, nina nyumba ya vyumba sita huku Mbagala. Chumba kimoja alikaa kijana fundi cherehani miaka miwili, kodi elfu 80 kwa mwezi, tunalipana miezi sita sita. Kodi yake iliisha tarehe 30 Juni hakulipa tena. Tarehe 9 Julai usiku kaja na bajaji kabeba tivii na nguo zake, ufunguo kamwachia jirani, asubuhi nakuta meseji "mama nimepata sehemu Mkuranga, vitu vilivyobaki nitafata wiki ijayo". Tangu siku hiyo simu inaita haipokelewi. Ndani kaacha cherehani ya kukanyaga, kitanda na godoro, friji ndogo, mtungi wa gesi, mifuko mitatu ya vitambaa vya wateja na begi moja limefungwa. Nje kuna kina mama wanakuja kuulizia vitenge vyao mpaka nachoka. Kuna binti kashanipa advansi anataka kuingia tarehe 1 Septemba. Nimeandika meseji hii: "Nakupa siku tatu uje na hela yangu uchukue takataka zako, usipokuja cherehani nauza na vingine nachoma moto." Mwanangu wa kiume anasema nitume tu, dada yangu anasema nisubiri kwanza. Niitume?

JIBU

Shikamoo mama. Usiitume hiyo meseji, na kama mkono ulishateleza imeenda, leo leo tuma nyingine useme ile ya kwanza umeifuta, nakuandikia barua kamili. Hasira yako ina haki kabisa, mtu kaondoka usiku na deni lako lakini hiyo meseji ina mambo mawili kwenye sentensi moja, kuna deni na kuna vitu, na ukishavichanganya hivyo wewe ndo unaonekana umeshika mali ya mtu kwa nguvu. Deni ni lako, unadai. Vitu ni vyake bado, hata kama viko ndani ya ukuta wako na hata kama hajalipa, na yeye mwenyewe kakuandikia kwamba atavifata, kwahiyo huwezi kusema kavitelekeza. Kahama, ndio, ufunguo kautoa na nguo kabeba, hilo liko wazi na chumba umekirudisha mikononi mwako. Ila kuhama ni kitu kimoja na kuacha mali moja kwa moja ni kitu kingine, na barua yako ndo inayotakiwa ijenge daraja kati ya hivyo viwili, yani mpaka siku ya mwisho ikifika mtu yeyote akisoma aseme huyu mama alimwambia kijana kila kitu, akampa muda wa kutosha na njia ya kuja kuchukua, na kijana hakuja.

Nina sababu ya kusisitiza hili. Mwaka 2016 nilikua nasimamia nyumba ya mzee mmoja Temeke, mpangaji wake akapotea wiki tano, mzee akatuma meseji kama hiyo yako ya siku saba, ya nane akauza friji na makochi. Kumbe yule dada alikua anamuuguza mama yake mkoani simu imeharibika. Aliporudi alienda na risiti ya friji mpaka serikali ya mtaa, na pale hakuna alietaka kusikia habari ya kodi tena, mzee alilipa friji na makochi kwa bei iliyozidi deni alilokua anadai, na deni lenyewe likafa kwenye mazungumzo kwa sababu alishaona aibu ya kulidai. Nilikuwepo pale, nikiangalia mzee anahesabu noti mezani.

Sasa kabla ya kuandika barua, kafungue chumba kihalali. Usiingie peke yako wala wewe na mwanao tu. Mwite mjumbe au mtu kutoka ofisi ya serikali ya mtaa, mwite na yule jirani alieachiwa ufunguo maana yeye ndo shahidi kwamba kijana kaondoka mwenyewe. Nunua kaunta buku, andika tarehe na saa, majina ya waliopo, alafu mnaanza kuorodhesha kitu kimoja kimoja mnapiga na picha.

Orodha ndo roho ya barua nzima, na watu wengi wanaandika kivivu, "cherehani 1, friji 1", basi. Hiyo haikusaidii. Inama uangalie hiyo cherehani vizuri. Andika ni ya kukanyaga, rangi gani, chini ya kichwa kuna namba imegongwa kwenye chuma, iandike yote, meza ina droo ngapi na kama kuna kishikio kimevunjika andika kimevunjika, mkanda wa ngozi upo au umekatika, bobini zipo ngapi kwenye droo. Kwa nini nakupeleka huko kote? Kwa sababu akija akasema "mama cherehani yangu ilikua nzima, nyie mmenivunjia" unamfungulia ukurasa unamwonyesha kishikio kilivyokua siku ile mbele ya mjumbe. Friji hivyo hivyo, fungua mlango, kama kuna chakula kimeoza piga picha kisha tupa siku hiyo hiyo, hicho hakihitaji notisi ya mtu. Ifute iwe kavu, na ukiihifadhi acha mlango wazi kidogo weka kipande cha kitambaa katikati, ukiufunga na friji haijawashwa ndani ya wiki mbili itaota ukungu mweusi kwenye mipira na harufu haitoki tena, alafu itakua wewe umeharibu. Mtungi wa gesi hakikisha valvu imefungwa, toa regureta, usiuweke stoo iliyofungwa madirisha, uweke umesimama sehemu yenye hewa na kivuli mbali na jiko.

Begi lililofungwa usilifungue. Lipige selotepu pana kuzunguka zipu, mjumbe na jirani wasaini juu ya hiyo selotepu kwa kalamu ya wino mzito, piga picha. Ndani inaweza kua vyeti, inaweza kua hela, inaweza kua hakuna kitu, na wewe hutaki kuwa mtu ambae ataambiwa "kulikua na laki nne humo". Mifuko ya vitambaa nayo ipe namba, mfuko wa 1, wa 2, wa 3, hesabu vipande mbele ya mashahidi bila kuvitawanya, kisha funga na saini vile vile.

Nikae kidogo kwenye hivyo vitambaa maana hapo ndo naona hatari ambayo hujaiandika. Vile vitenge sio vya kijana. Ni vya hao kina mama wanaokuja getini. Hata huyo kijana hana haki ya kukuambia uviuze, sasa wewe utavichoma moto kwa haki ipi? Ukivichoma hujagombana na mpangaji mmoja, umegombana na watu kumi na kitu wa mtaani kwako, na kuna ambae kile kitambaa ni cha sare ya harusi. Lakini pia usianze kuvigawa kwa kila anaekuja kusema "changu kile cha bluu", maana ukikosea mtu unakua umetoa mali ya mwingine. Waambie waandike jina, namba ya simu na kitambaa kilivyo kwenye ukurasa wa nyuma wa kaunta buku, na kwenye meseji kwa kijana uweke swali hilo moja peke yake, "wateja wako wafatao wanadai vitambaa, naomba unijibu nani nimpe nini". Nimeona mara nyingi fundi asiepokea simu ya mwenye nyumba anajibu hiyo haraka, kwa sababu wateja ndo riziki yake na anajua wanamsema. Akijibu "mpe mama fulani kile cha maua mekundu", hiyo meseji ni ruhusa, unafungua mfuko mbele ya shahidi, unampa, anasaini. Na ushapata njia ya kuongea nae.

Kuhusu siku. Tatu hazitoshi, mtu wa Mkuranga anatakiwa atafute usafiri wa kubeba kitanda na cherehani na hela ya kulipia, tena anaweza kuwa mgonjwa au kabanwa. Mimi kwa vitu vyenye thamani kama hivi natoa siku 30 na sijawahi kuona mtu wa baraza au hakimu akasema zilikua chache. Zihesabu kuanzia siku uliyotuma, sio siku uliyokasirika. Tuseme unaandika Jumatatu tarehe 11 Agosti 2025, siku 30 zinaangukia Jumatano tarehe 10 Septemba. Sasa Jumatano ni katikati ya wiki, mtu yuko kazini, kwahiyo sogeza mpaka Jumamosi tarehe 13 Septemba saa 10 jioni. Unampa siku tatu za ziada bure na unakua umemkatia kisingizio. Na uandike tarehe na saa yenyewe, usiandike "ndani ya mwezi mmoja", hilo neno kila mtu analihesabu kivyake.

Najua binti anaingia tarehe 1. Sio tatizo, hulazimiki kuacha chumba kikae tupu kwa ajili ya kitanda cha mtu. Mkishaorodhesha, hamishia vitu stoo yako, kavu, yenye kufuli, weka matofali chini visikae kwenye sakafu mvua ikinyesha. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka mtu anaetunza mali ya mwenzie aitunze kama mtu mwangalifu anavyotunza ya kwake, basi hiyo ndo kipimo chako, sio lazima uvikalie macho usiku kucha lakini usiviweke uani kwenye jua na mvua wala usimwachie mwanao alalie godoro lile. Binti mwambie chumba kipo tarehe 1 kama mlivyokubaliana.

Barua sasa. Nimekuandikia, wewe jaza tu majina na orodha:

Mbagala, 11 Agosti 2025

Ndugu (jina lake kamili kama lilivyo kwenye mkataba),

YAH: VITU VYAKO ULIVYOACHA CHUMBANI

Ulihama chumba chako nyumbani kwangu tarehe 9 Julai 2025 ukaniandikia kwamba vitu vilivyobaki utavifuata. Mpaka leo hujaja. Tarehe 11 Agosti chumba kilifunguliwa mbele ya mjumbe na jirani, vitu vikaorodheshwa na kupigwa picha. Orodha na picha nimeambatanisha. Begi limefungwa na kusainiwa bila kufunguliwa, mifuko ya vitambaa imehesabiwa vipande tu kisha ikafungwa na kusainiwa.

Vitu vyote nimevihifadhi stoo hapa nyumbani. Naomba uje uvichukue kabla ya Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025 saa 10 jioni. Unaweza kuja siku yoyote kati ya saa 2 asubuhi na saa 12 jioni, nipigie siku moja kabla. Kama huwezi kuja mwenyewe, mtume mtu, ila unitumie meseji kwa namba yako hii hii ukinitajia jina lake na aje na kitambulisho.

Kama kuna kitu hukitaki, niandikie ukitaje. Kama tarehe haikufai, niandikie kabla haijafika tukubaliane nyingine.

Usipokuja na usiponijibu mpaka tarehe hiyo, vitu visivyo na thamani vitatupwa, na vyenye thamani nitaomba utaratibu wa kuviuza mbele ya viongozi wa mtaa. Hela itakayobaki baada ya gharama halisi itawekwa kwa ajili yako. Vyeti na karatasi zako hazitatupwa.

Suala la kodi tutalizungumza peke yake. Halikuzuii kuchukua vitu vyako.

(Jina lako, saini, namba ya simu. Kopi: ofisi ya serikali ya mtaa.)

Najua mstari wa mwisho umekuchoma. Umejiuliza sasa mimi hela yangu je. Ngoja nikwambie kwa nini nimeuweka na kwa nini nakuomba usiufute.

Hiyo cherehani ndo unayoitegemea kichwani kwako kama rehani, na ndo kitu kibaya kuliko vyote kukishikilia. Hata kama ungeenda mahakamani ukashinda kesi ya kodi, hukumu mkononi, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inakataza kukamata vitu vya aina fulani ili kulipia deni, na humo ndani kuna nguo za mtu, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na vifaa vya kazi vya fundi. Yani dalali wa mahakama mwenyewe hawezi kubeba cherehani ya fundi. Sasa kama mahakama inajizuia, wewe na mwanao mtaibeba kwa karatasi gani? Na ukiacha sheria pembeni, angalia maisha yenyewe, kijana wa cherehani asie na cherehani atakulipa na nini? Akiwa nayo Mkuranga anashona, una mtu wa kumdai. Ikiwa stoo kwako ina kutu, una chuma.

Deni lako liandike barua nyingine, siku nyingine, na uwe mkweli kwenye hesabu. Julai ni elfu 80, hilo ni lako bila ubishi maana vitu vyake vilijaza chumba. Agosti, kwa kua chumba unakifungua tarehe 11 na kuhamisha vitu, mimi ningedai mpaka hapo, siku 11 kati ya 31, kama elfu 28 na mia nne hivi, jumla laki moja na elfu nane na mia nne. Ukidai Agosti yote anaweza kukuuliza kwa nini umlipishe chumba alichoshakirudisha, na ukianza kubishana kwenye elfu 50 unapoteza na zile ambazo hazina ubishi. Gharama za kubeba vitu kwenda stoo na kufuli jipya ziandike kwa risiti, umwombe, ni haki yako kumwomba, ila usimwambie "lipa kwanza ndo ubebe". Akikubali kulipa kidogo kidogo, elfu 20 kwa mwezi mfano, mwandikishane mbele ya mjumbe. Akikataa kabisa, deni la kodi unalipeleka Mahakama ya Mwanzo, na hapo kaunta buku yako na barua yako yenye adabu zitakusemea.

Kuituma. Usitume njia moja. Piga picha barua iliyosainiwa uitume Wasap pamoja na picha za vitu, alafu andika meseji ya kawaida fupi yenye mambo matatu tu, vitu viko wapi, mwisho ni lini, apige namba gani, kwa sababu Wasap inaweza kua na tiki moja mwezi mzima kama hana bando ila meseji ya kawaida inafika. Angalia mkataba wenu, kama mliandika namba ya mdhamini au ndugu, mpe kopi ya karatasi mkononi asaini kwamba kapokea, asiposaini mjumbe aandike alikataa. Kama unajua mtaa aliohamia, kopi nyingine ipite ofisi ya huko. Na zote hizo skrinshoti, uzihifadhi kwenye simu ya mwanao pia maana simu zinaibiwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu meseji kutumika kama ushahidi, kwahiyo ile ya kwake ya "nitafata wiki ijayo" isifutike, na zako ziwe na maneno ambayo hutaona haya hakimu akiyasoma kwa sauti. Ndo maana neno takataka nimelitoa. Picha za vitu vyake usirushe kwenye grupu la mtaa, hata kama unataka watu wamwambie. Mtumie yeye, na anaemdhamini, basi.

Siku ya 15, yani Jumanne tarehe 26 Agosti, mkumbushe kwa meseji. Siku tatu kabla ya mwisho mkumbushe tena. Maneno yale yale, tarehe ile ile, usiongeze ukali wala usibadilishe mwisho kisiri. Nimeona watu wanaharibia hapa, barua ya kwanza tarehe 13, hasira ikapanda wakaandika "nimekupunguzia mpaka tarehe 5", basi notisi yote imekufa inabidi uanze upya.

Tarehe 13 saa 10 ikipita na hakuna simu, hakuna meseji, hakuna mtu, usikimbilie sokoni jioni hiyo. Mwite mjumbe, fungueni stoo, mgawanye. Kuna vya kutupa kweli, kama godoro lina kunguni au limeloa, hilo andika, piga picha, tupa, maana hakuna hata mtu wa mitumba atakaelinunua. Kuna vya kuuza, friji na kitanda. Tafuta bei kwa mafundi au wauza vitu vilivyotumika angalau watatu, andika kila mmoja kasema shingapi, uza kwa alietoa bei ya juu, na usimuuzie ndugu yako wala usinunue wewe, hata kama bei ni nzuri, hilo litakuletea maneno. Toa gharama halisi zenye risiti, kinachobaki kiandike na kikae, ni cha kijana. Usikikate kwenye kodi kimya kimya bila yeye kukubali kwa maandishi au mahakama kusema.

Cherehani na begi usiuze kabisa hapo. Cherehani kwa sababu nilizokwambia, na kwa kitu cha thamani hiyo nenda Mahakama ya Mwanzo ukaeleze upewe maelekezo kwa karatasi, utakua unaenda hata hivyo kwa ajili ya deni. Begi, kama linaonekana lina karatasi, likabidhi kituo cha polisi au ofisi ya mtaa kwa maandishi, maana cheti cha kidato cha nne kikipotea mtu anaanza na ripoti ya polisi na kuzunguka miezi, na hela yako ya kodi haifanani kabisa na hasara hiyo kwa kijana wa umri wake. Vitambaa vya wateja navyo mpeleke mjumbe ile orodha ya majina, wanaotambua vyao kwa maelezo waliyoandika kabla ya mfuko kufunguliwa wanakabidhiwa pale ofisini na kusaini.

Lakini nadhani atakuja kabla. Akija, usiongee habari ya kodi getini. Mpe kaunta buku asome orodha, mfungulie stoo, akague selotepu mwenyewe kwamba haijaguswa, abebe, asaini kila mstari na tarehe, jirani asaini kama shahidi. Akichukua nusu kwa sababu bajaji imejaa, aandike kilichobaki na tarehe ya kukirudia. Na kama tarehe 12 usiku akituma meseji anaomba wiki moja, mpe, ila jibu kwa maandishi: "Nimekuongezea mpaka Jumamosi tarehe 20 Septemba saa 10 jioni, yale mengine yote ya barua ya tarehe 11 Agosti yako pale pale." Alafu iandike kwenye kaunta buku.